Chakula cha Barabarani Kilichobebwa Hadi Nyumbani: Namna ya Kuamua Kama Bado Kinafaa Kuliwa

Umenunua chakula mchana, shughuli zikakubana, ukakifunga na kukitia mkobani ukisema utakila nyumbani. Sasa ni usiku, kifurushi kiko mezani na njaa inauma. Watu wengi wakifika hapo hufunua, hunusa, huonja kidogo, kisha hukitia sufuriani wakiamini kwamba moto utamaliza chochote kilichoingia. Mwongozo huu unahusu dakika hizo chache za kuamua, na unashughulikia hasa chakula kilichopikwa, kikanunuliwa kikiwa cha moto au vuguvugu, kikabebwa kwa saa kadhaa bila friji.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vyema kuondoa kipimo kimoja ambacho karibu kila mtu hukitegemea, nacho ni pua. Bakteria wanaokifanya chakula kichachuke, kiteleze au kivunde si lazima wawe ndio wanaomfanya mlaji atapike na kuharisha. Wa kwanza hubadili harufu na ladha, ilhali wa pili wanaweza kuongezeka kwa maelfu bila kuacha dalili yoyote inayoonekana au kunuswa. Kwa hiyo harufu mbaya inatosha kukufanya ukitupe chakula, lakini harufu nzuri haikuambii chochote. Kuonja ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakupimi chochote na wakati huo huo kunakuingiza hatarini.

Hatua ya kwanza: hesabu muda tangu chakula kilipotoka motoni

Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu tangu chakula kiliponunuliwa. Chakula hakijui kama kimeuzwa. Kinachohesabika ni muda wote kiliokaa katika joto linalowafaa bakteria, na muda huo mara nyingi huanza pale muuzaji alipoipua sufuria na kuiweka kando. Bakteria hao huzaliana vizuri kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi. Juu ya 60 hawazaliani, na chini ya 5 wengi wao hupungua mwendo mno. Katikati ya mipaka hiyo, mazingira yakiwa mazuri kwao, idadi yao inaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Ukifanya hesabu utaona bakteria mmoja akifikia 64 baada ya saa mbili, 4,096 baada ya saa nne, na 262,144 baada ya saa sita. Ndiyo maana tofauti kati ya saa mbili na saa sita si ya mara tatu kama inavyodhaniwa.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumbani kwa zaidi ya saa mbili. Mamlaka za Marekani hupunguza muda huo hadi saa moja pale joto la mahali linapozidi nyuzi 32, hali inayopatikana kwa urahisi ndani ya gari lililofungwa au mkoba ulioachwa juani. Nchini Australia wafanyabiashara wa chakula hutumia kanuni yenye ngazi tatu, ambayo naiona inamfaa sana mtu wa nyumbani: chakula kisichofikisha saa mbili kinaweza kuliwa au kutiwa friji, kilichokaa kati ya saa mbili na nne kiliwe papo hapo bila kurudishwa friji, kilichozidi saa nne kitupwe. Saa hizo hujumlishwa, kwa hiyo saa moja kwa muuzaji, saa moja ofisini na saa moja garini huhesabiwa kuwa tatu, hata kama katikati kilipitia friji kwa muda.

Je, utajuaje kilikaa muda gani kwa muuzaji? Uliza, ikiwa bado unayo nafasi hiyo, au kumbuka ulichokiona. Kama kilipakuliwa kutoka chombo kilichokuwa kikichemka juu ya moto, au kilitolewa kwenye mafuta mbele ya macho yako, saa yako inaanza pale. Kama kilipakuliwa kutoka chombo kilichofunikwa, kisichokuwa juu ya moto, na mvuke haukuonekana, ongeza muda. Usipokuwa na fununu yoyote, mimi huongeza saa mbili nzima. Makadirio hayo ni makali, lakini kukosea upande huo kunagharimu mlo mmoja tu.

Hatua ya pili: kumbuka chakula kilikuwa na joto gani njiani

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Chakula kilichofungwa vizuri kikabaki vuguvugu kwa saa nyingi kinaweza kuwa hatari kuliko kilichopoa upesi. Tunapokizungushia karatasi, mfuko na nguo ili "kisipoe", mara nyingi hatukibakishi juu ya nyuzi 60, bali tunakizuia kisipite haraka kwenye eneo la nyuzi 30 hadi 50, ambalo ndilo bakteria wanalolipenda kuliko yote. Aina mojawapo inayopenda nyama, klostridia, huzaliana kwa kasi kubwa zaidi kwenye nyuzi 43 hadi 47, na hapo inaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika kumi hivi. Ukigusa kifurushi saa tatu baada ya kukinunua ukasikia uvuguvugu wa kupendeza, usifurahi. Hilo ndilo joto lenyewe.

Asiye na kipimajoto cha chakula anaweza kukadiria. Chakula chenye nyuzi 60 au zaidi hutoa mvuke kinapofunuliwa na kukorogwa. Kisipotoa mvuke, kihesabu kuwa kiko chini ya mpaka. Chombo cha kuhifadhi joto, kama hotipoti au chupa pana, kinaweza kusogeza mbele mwanzo wa saa, lakini kwa masharti: kiwe kimesuuzwa kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa chakula, chakula kiwe kimeingia kikiwa kinachemka, na chombo kiwe kimejaa. Sahani moja ya chakula vuguvugu ndani ya hotipoti kubwa hukaa katika joto baya kwa saa nyingi, jambo ambalo ni afadhali lisifanyike kabisa.

Hatua ya tatu: tenganisha vilivyomo

Kifurushi kimoja huwa na vyakula viwili au vitatu vyenye tabia tofauti, na hukumu haipaswi kuwa moja mpaka uvitazame kimoja kimoja. Vilivyo vikavu havinipi shaka: njugu zilizokaangwa, mkate mkavu, biskuti, bisi. Bakteria huhitaji maji, na humo hakuna maji ya kutosha. Kitu cha unga kilichokaangwa kwenye mafuta mengi na kisicho na kitu ndani kinakaribia kundi hilo, lakini kikiwa kimejazwa nyama, yai au viazi kihukumiwe kwa kile kilichojazwa, si kwa ganda lake.

Mboga mbichi zilizokatwakatwa na matunda yaliyomenywa hayana moto wa kuyaokoa, wala hayakupitia moto tangu mwanzo, na hubeba chochote kilichokuwa kwenye kisu, kwenye maji ya kuoshea na mikononi. Yakizidi saa mbili nje, yaondoke. Ikiwa yalipakuliwa juu ya chakula cha moto na maji yake yakachuruzika, basi chakula cha chini nacho kimeyapokea.

Vinavyobaki ndivyo vinavyoleta mabishano jikoni: wali na vyakula vingine vya nafaka vyenye unyevu, nyama na michuzi yake, maharage, mayai, samaki na kuku. Hivi vyote ni vya hatari, lakini haviko hatarini kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kupasha moto kuna maana.

Hatua ya nne: jiulize kama moto unaweza kukiokoa

Hii ndiyo hatua inayopotosha watu wengi, kwa hiyo nitaikalia. Moto unaua bakteria walio hai. Salmonela, kwa mfano, hufa chakula chote kinapofikia nyuzi 70 au zaidi hadi katikati. Lakini baadhi ya bakteria hutoa sumu ndani ya chakula wakati wanazaliana, na sumu hiyo hubaki hata baada ya wenyewe kufa. Ukikichemsha chakula cha namna hiyo utakuwa umewaua waliotega mtego na kuuacha mtego mahali pake.

Wali ni mfano ulio wazi kuliko yote. Punje za mchele hutoka shambani zikiwa na spora za basilasi sereusi, yaani bakteria waliojifungia katika gamba gumu, na spora hizo huvumilia kuchemshwa. Wali ukiwa unapoa polepole, magamba hufunguka, bakteria huzaliana, na aina fulani zao hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na kuchemsha, kukaanga wala mikrowevu. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1970, kulitokea visa vya watu kutapika baada ya kula wali wa kukaanga mikahawani. Wali huo ulikuwa umechemshwa, ukaachwa katika joto la kawaida kwa muda mrefu, kisha ukakaangwa upya, na moto wa kikaango haukusaidia. Mimi mwenyewe nililijifunza hili kwa njia isiyopendeza: wali ulionunuliwa asubuhi, ukapashwa moto jioni hadi ukaunguza ulimi, usio na harufu yoyote mbaya, ulinitapisha kabla ya saa tatu kupita. Kutapika kwa sumu hiyo huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Mfano wa pili ni stafilokokasi, ambaye huishi kwenye ngozi, puani na katika vidonda vya watu. Yeye hufa kwa urahisi wakati wa kupika, ila huingia baadaye, kwa mkono unaokatakata nyama iliyoiva, unaomenya mayai ya kuchemsha au unaopanga chakula kwenye chombo. Chakula hicho kikikaa nje kwa saa kadhaa, sumu yake hujengeka, na nayo huvumilia kuchemshwa. Kwa hiyo kila kilichoshikwa kwa mikono baada ya kuiva, kisha kikakaa, nakihesabu kuwa kisichookolewa na moto.

Mchuzi wa nyama au maharage uliopakuliwa kwa upawa ukichemka una hali tofauti kidogo. Hatari yake kubwa ni ile klostridia niliyoitaja. Bakteria hao huwadhuru watu wanapomezwa wakiwa hai na wengi, kisha hutoa sumu yao tumboni. Hapa kupasha moto kikamilifu kunasaidia kweli, kwa sababu kunawaua kabla hawajafika huko. Ndiyo sababu nakubali kuuchemsha mchuzi uliokaa saa tatu, lakini sikubali kuupasha moto wali uliokaa muda huo huo. Hata hivyo msaada huo una kikomo: baada ya saa nne huwezi kujua ni nani mwingine aliyekuwa akiishi humo.

Kupasha moto kikamilifu maana yake ni nyuzi 75 katikati ya chakula. Kwa mchuzi, uache uchemke kwa nguvu, ukoroge, kisha uendelee kuchemka kwa dakika chache. Pande kubwa la nyama likatwe vipande vidogo kwanza, kwa kuwa nje yake huungua wakati ndani bado ni baridi. Mikrowevu huacha sehemu baridi, kwa hiyo simamisha katikati, koroga, funika na uendelee. Chakula kilichopashwa moto kiliwe chote; kinachobaki kisigeuzwe kiporo.

Hatua ya tano: nani atakila?

Yote yaliyotangulia yanamhusu mtu mzima mwenye afya. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na ugonjwa au dawa, ile ngazi ya kati ya saa mbili hadi nne naifuta kabisa. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kutapika usiku mmoja na kuamka salama, lakini mtoto mchanga hupoteza maji kwa kasi ya kutisha.

Mfano mmoja kwa ukamilifu

Mtu amenunua saa 7 mchana wali, mchuzi wa nyama na kabichi mbichi iliyokatwa, vyote katika chombo kimoja cha plastiki chenye mfuniko. Anakumbuka kwamba muuzaji alisema wali uliiva kama saa 5 na nusu asubuhi, na ulipopakuliwa haukutoa mvuke. Mchuzi ulikuwa juu ya moto. Chombo kikakaa mezani ofisini, kisha mkobani, na sasa ni saa 1 usiku.

Kwa wali, saa moja na nusu kwa muuzaji na saa sita baada ya hapo zinafanya saa saba na nusu. Kwa mchuzi ni saa sita. Kabichi imekaa saa sita na zaidi ikiwa imelowana kwa maji ya moto ya mchuzi. Hakuna kilichobaki ndani ya saa nne, na hata ule mchuzi uliopakuliwa kutoka motoni umechanganyika na wali na mboga mbichi. Chote kinatupwa, bila kuonja na bila kukipeleka friji "mpaka kesho tuone", maana friji husimamisha saa lakini hairudishi nyuma.

Sasa tubadilishe muda. Mtu huyo amenunua saa 9 na nusu alasiri, wali ukiwa ndiyo kwanza unaipuliwa na mchuzi ukichemka, akatiliwa katika vyombo viwili tofauti, siku haikuwa na joto kali, na amefika nyumbani saa 12 na dakika 45 jioni. Zimepita saa tatu na robo. Kanuni ya Australia ingemruhusu kula vyote papo hapo. Mimi ningeuchemsha mchuzi na kuula mara moja kwa chakula kingine cha wanga kilichopikwa wakati huo, na wali ningeutupa, kwa sababu ile sumu yake haiombwi msamaha kwa moto. Wengine wataona huo ni ukali wa kupita kiasi, na sitabishana nao sana iwapo wali ulitoka motoni mbele ya macho yao. Lakini kama siku hiyo joto lilizidi nyuzi 32, au mkoba ulikaa juani, au mlaji ni mtoto, vyote viwili vingetupwa.

Na kama alinunua saa 11 jioni, chakula kikitoa mvuke, akafika saa 12 na robo, basi ale. Asipokila chote, akigawe katika vyombo vya kina kifupi, visivyozidi sentimita 5 hivi, akitie friji mara moja bila kungoja kipoe kabisa, kwa kuwa chungu kilichojaa hukaa na joto katikati kwa saa nyingi hata ndani ya friji.

Kama umeshakila

Usijilazimishe kutapika. Andika ulikula nini na saa ngapi, kwani muda wa dalili kuanza humsaidia sana mganga: kutapika ndani ya saa chache huelekeza kwenye sumu iliyokuwamo tayari, ilhali maumivu ya tumbo na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24 huelekeza zaidi kwa klostridia. Salmonela mara nyingi huchukua saa 6 hadi 72, na huja na homa.

Kinachohitajika kwanza ni maji. Tumia chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini zinazouzwa dukani kwa vipakiti. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na unywe kidogo kidogo hata kama unatapika. Kipimo cha chumvi kisizidishwe, hasa kwa mtoto. Nenda kituo cha afya bila kukawia ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa, mkojo kuwa mchache mno au kukoma, kizunguzungu unaposimama, au kuharisha kunakozidi siku tatu. Macho yakianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea au kumeza kukawa kugumu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama tumbo limetulia.